UZI: Mpango wa kuhifadhi msikiti na nyumba ya wakfu, sehemu zake zinaunganaje?

Katibu_wa_Wakfu

Assalaam alaykum wakuu. Mimi ni katibu wa kamati ya wakfu mmoja hapa Pangani. Tunasimamia kiwanja chenye msikiti mdogo wa zamani, nyumba ya ghorofa moja ya mawe na boriti, kisima, na makaburi kwa nyuma. Amepatikana mfadhili, lakini kabla ya kutoa chochote anataka mpango wa usimamizi wa hifadhi wenye tathmini, sera na ratiba ya matunzo.

Tulimlipa mtaalamu mmoja, akatuletea kurasa 60. Kurasa 40 za mwanzo ni historia ya pwani nzima. Sera ni maneno mazuri kama "kulinda urithi kwa vizazi vijavyo". Ratiba ina mistari mitatu, na mmoja unasema "kukarabati kila inapohitajika". Mfadhili ameurudisha. Sasa kamati imenitupia mimi, mwalimu wa hesabu.

Hali ya nyumba kwa ufupi: ukuta wa kaskazini una unyevu. Miaka kumi iliyopita kamati ya zamani iliupiga lipu ya sementi kutoka chini hadi mita 1.2 ili kuzuia maji. Leo doa la unyevu liko juu ya ile sementi, karibu mita 1.7, na lipu ya chokaa ya zamani inamomonyoka kama unga. Paa lilikuwa la sakafu ya chokaa, sasa juu yake kuna mabati. Mlango wa mbele umechongwa mwaka 1289 wa Hijria.

Naomba mnieleweshe hizi sehemu tatu zinashikanaje. Nawasilisha.

Kijana_wa_Utalii

Mkuu hongera. Hapo weka vyumba sita vya wageni, mgahawa kwenye paa, na kisima kiwe kivutio. Mpango wa usimamizi ni kuonyesha mapato yatatoka wapi. Mimi nina fomu ya mpango wa biashara, nitumie ujumbe nikupe.

Katibu_wa_Wakfu

Ahsante ndugu yangu, lakini hapa watu wanaswali mara tano kwa siku na kisima ndicho cha udhu. Siulizi biashara.

BintiShangani

Katibu, wa alaykum salaam. Nimefanya kazi ya majengo ya zamani Unguja kwa muda mrefu, nitakujibu kwa ninavyofanya mwenyewe.

Kasoro ya zile kurasa 60 ni kwamba kila sehemu iliandikwa bila kuitazama iliyotangulia. Mkataba wa Burra, mwongozo wa Australia wa kuhifadhi mahali pa urithi ambao wengi wetu tunaufuata, unapanga kazi hivi: kwanza uelewe mahali pana thamani gani, kisha utunge sera, ndipo usimamie kufuatana na sera hizo. Kwa hiyo kila mstari wa ratiba uweze kuurudisha nyuma: unatekeleza sera ipi, na sera hiyo inalinda kitu gani mlichokiandika kwenye tathmini. Mstari usiorudi popote, futa. Sera isiyozaa mstari hata mmoja, ujue ni pambo.

Tathmini ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni thamani. Usiandike ya pwani nzima, pita chumba kwa chumba ukijiuliza: hiki kikiondoka, tumepoteza nini? Mihrabu, makaburi, kisima kinachotumika mpaka leo. Hata upana wa vyumba. Pima, nadhani utakuta ni mita 2.5 hadi 3. Si bahati mbaya, ndio urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba kutoka ukuta hadi ukuta. Hapo sera inajitunga yenyewe: hakuna kuvunja ukuta wa kati kupata ukumbi, maana ukuta huo umebeba boriti za pande mbili.

Nusu ya pili ni hali ya jengo, na hapa ndipo wengi wanapoandika "ukuta una unyevu" wakahamia ukurasa mwingine. Unyevu ni dalili. Kinachotakiwa ni maji yanatoka wapi.

FundiMkuu_Tanga

Mimi fundi miaka 22. Maji yanatoka ardhini, hilo halina mjadala. Suluhisho: chimba mtaro wa mita moja kwenda chini kando ya ukuta wote, jaza kokoto, maji yatakwenda huko. Kisha rudisha lipu ya chokaa lakini tia sementi kidogo ishike, chokaa tupu ni laini mno. Hiyo sementi ya zamani walikosea kuipiga fupi, wangeifikisha mpaka juu.

BintiShangani

Fundi, nakuunga mkono kwamba maji ya ardhini lazima yapelekwe mbali na ukuta, na watu wengi hulisahau hilo wakahangaika na lipu tu. Lakini mtaro wa mita moja kando ya ukuta hapana, kwa heshima zote. Nyumba hizi nyingi msingi wake ni mfupi, mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo na chokaa. Ukichimba chini ya kina cha msingi umeiondolea nyumba kitu kinachoikaba miguu. Kwanza chimbeni shimo moja dogo la majaribio muone msingi unaishia wapi. Mtaro wenyewe uwe wa juu juu, usogezwe mbali na ukuta, na ardhi iinamishwe kuelekea huko. Halafu kumbuka kuna makaburi, na udongo wa mji wa zamani una vigae vya karne nyingi. Nani atasimama kuangalia kinachotoka ardhini? Hiyo nayo ni sera.

Kuhusu sementi, doa la Katibu limeshatoa jibu. Ukuta wa matumbawe unakunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani kupitia lipu ya chokaa. Sementi ni nzito, imeziba njia hiyo. Maji hayakukoma kupanda, yamepanda mpaka yakapata mahali pa kutokea, juu ya mita 1.2. Wangeifikisha mita 2, leo doa lingekuwa juu ya mita 2. Na ule unga ni chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ya vitundu vya lipu, inajijenga na kuivunja kwa ndani.

Katibu, kabla hujaandika chanzo, fanya jambo moja. Piga mstari wa penseli ukingoni mwa doa, andika tarehe. Rudia kila mwezi. Doa likipanda baada ya mvua na kushuka kiangazi, maji ya mvua yanatuama mguuni mwa ukuta. Likiwa baya sehemu moja tu mwaka mzima, tafuta bomba au karo linalovuja. Na likibaki palepale hata kukiwa kukavu, huenda ni chumvi iliyokwishajaa ukutani, ambayo inavuta unyevu wa hewa yetu ya pwani bila tone jipya la maji. Tiba za hayo matatu hazifanani, na pesa zake pia hazifanani.

FundiMkuu_Tanga

La msingi mfupi nakubali, nimewahi kuona ukuta ukipasuka kwa mtaro. La chokaa tupu bado. Nimepiga lipu ya chokaa ikadondoka baada ya wiki mbili.

BintiShangani

Uliipiga unene gani, na uliinyunyizia maji siku ngapi?

FundiMkuu_Tanga

Mkono mmoja, kama sentimita 3. Maji siku ya kwanza.

BintiShangani

Hapo ndipo ilipofia. Chokaa hupigwa kwa tabaka, kila moja isizidi kama milimita 10, ya kwanza ishike ndipo uje na ya pili. Sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa shimoni miezi kadhaa, kwa sehemu mbili na nusu au tatu za mchanga. Mchanga usiwe wa ufukweni, utakuwa unajipigia chumvi kwa mkono wako. Kisha kivuli na magunia mabichi kwa wiki nzima walau. Chokaa haishiki kama sementi, inashika polepole kwa hewa, na jua la pwani likiiwahi inapasuka na kuachia. Ndiyo maana lipu ya chokaa inapangwa baada ya masika, Juni hadi Septemba. Msimu huo uandikwe kwenye ratiba.

Mlamu

Salamu kutoka Lamu. Nyumba ya babu ilikuwa na mabati juu ya sakafu kama hiyo ya Katibu, na sisi tulijua tumesalimika. Tulikuwa tukiangalia boriti katikati, safi kabisa. Siku moja tulipopaka chokaa chumbani, fundi akagonga boriti pale inapoingia ukutani, bisibisi ikazama yote. Ncha saba zilikuwa zimeoza, mchwa wamemaliza. Bati lilikuwa linamwaga maji juu ya ukuta kwa vile halina gata, na maji yakateremka ndani ya ukuta mpaka kwenye ncha za boriti.

Kwa hiyo Katibu, usiangalie katikati ya chumba. Maradhi ya boriti yako ukutani.

Katibu_wa_Wakfu

Mlamu, nimesoma haya nikatoka na bisibisi sasa hivi. Chumba cha juu upande wa kaskazini, boriti 19. Nne zimelainika nchani. Na bati letu pia halina gata. Yaani maji ya nusu ya paa yote yanaanguka mguuni mwa ukuta uleule.

BintiShangani

Sasa unaona tathmini inavyozungumza. Doa la chini na ncha za juu huenda zina baba mmoja, bati lisilo na gata. Usiandike kwamba umethibitisha, andika ni dhana yenye nguvu na mistari ya penseli itaipima. Zile boriti nne wekeeni nguzo za muda chini yake wiki hii, mpango usisubiriwe. Chumba hicho kifungwe.

Hapo nataka niseme jambo linaloniuma. Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe Unguja, ilijengwa 1883. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, upande mkubwa ulianguka na watu wawili wakafa. Sitazungumzia sababu hapa. Lakini tangu siku ile, kila mpango ninaoandika una sera moja ya dharura mwanzoni kabisa: nani, kwa jina la cheo, ana uwezo wa kufunga jengo siku hiyohiyo bila kuitisha kikao. Kwenu awe imamu, awe mwenyekiti, lakini awe mtu mmoja na naibu wake. Na dalili ziandikwe: ufa uliokua tangu kipimo kilichopita, sakafu inayobonyea, boriti iliyochomoka ukutani.

Kilwa_Masoko

Niongeze kidogo kutoka Kilwa Kisiwani. Magofu yale yaliingia Urithi wa Dunia 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa 2014. Katikati watu walifanya kazi kubwa, kuta zilishikizwa, mikoko ikapandwa kupunguza mawimbi yanayokula ufukwe. Nilikuwa mmoja wa vijana wa kusafisha.

Nililojifunza ni la miche. Mti ukiota ukutani ukiwa na majani manne unaung'oa kwa vidole viwili. Ukiuacha misimu mitatu mizizi imeingia kati ya mawe, na hapo usiung'oe kabisa, utashuka na ukuta. Unaukata, unaua kisiki, unakiacha kioze, kisha unaziba kwa chokaa. Kazi ya vidole viwili inageuka kazi ya jukwaa na mafundi. Kwa hiyo kwenye ratiba usiandike "kuondoa mimea kila mwaka". Mwaka ni mrefu mno kwa mkuyu.

Katibu_wa_Wakfu

Swali la sheria. Mlango ni wa 1289 Hijria, sawa na 1872 au 1873. Nimeambiwa sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863. Kwa hiyo nyumba yetu iko nje?

BintiShangani

Tarehe ya mlango si tarehe ya nyumba. Milango ya kuchonga ilihamishwa, iliuzwa, iliwekwa kwenye nyumba za zamani mwenye nyumba alipotajirika. Angalia fremu ilivyokaa ukutani: kama kuna viraka vya mawe madogo pembeni, mlango umekuja baadaye. Na msikiti huenda ni wa zamani kuliko nyumba. Zaidi ya hapo, sehemu inaweza kutangazwa rasmi hata kama ni ya baadaye. Andikeni barua kwa ofisi ya Mambo ya Kale mpate jibu la maandishi, mlibandike kwenye mpango. Msiandike kwa kukisia.

FundiMkuu_Tanga

Sasa hiyo sementi iliyopo tuitoe au tuiache? Nikiigonga nyundo itashuka na uso wa mawe.

BintiShangani

Fundi, swali zuri kuliko yote humu. Kwa hilo mpango usiseme "sementi yote iondolewe". Useme: jaribio la mita moja ya mraba, kwa patasi ndogo, mahali pasipoonekana. Jiwe likibaki zima, mnaendelea kipande kwa kipande. Likitoka na sementi, mnaacha na kufikiri upya, maana kanuni yetu ni kugusa kidogo iwezekanavyo na kiasi kinachohitajika. Sementi ikitoka vizuri, ukuta uachwe wazi ukauke, miezi kadhaa. Msiuharakishe. Lipu mpya itakayopigwa mguuni iwe ya chokaa, na mfahamu mapema kwamba hiyo ni ya kujitoa mhanga: itabeba chumvi, itaharibika, itabomolewa na kupigwa upya baada ya miaka kadhaa. Hamtapata ukuta mkavu kabisa.

Mlamu

Hilo la kujitoa mhanga mzee wangu asingelikubali. Angesema mumemuibia.

BintiShangani

Ndiyo maana linaandikwa kwenye sera na kamati inatia saini. Kamati ikibadilika, mpya isione lipu imemomonyoka ikarudi kwenye sementi. Hivyo hasa ndivyo mlivyofika hapo mlipo.

Katibu_wa_Wakfu

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nimeacha kurasa 60, nina 14. Nawawekea uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho muuvunje.

Thamani: nyumba ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mkoko, vyumba vina upana wa mita 2.7, na kuta zake bado zinapumua isipokuwa mguu wa kaskazini.

Hali: doa mita 1.7, chumvi, boriti nne kati ya 19 zimelainika nchani. Bati halina gata. Chanzo kinachodhaniwa ni maji ya paa, vipimo ndio vinaanza.

Sera ya 4: hakuna sementi kwenye ukuta wowote wa zamani, ndani wala nje. Lipu ya mguuni ni ya chokaa na itabadilishwa ikichoka. Sera ya 5: maji ya paa hayaruhusiwi kuanguka kando ya ukuta.

Ratiba inayotokana nazo: Februari, kabla ya masika, kusafisha gata mpya na kuangalia mabomba ya kushushia maji. Mhudumu wa msikiti. Mvua kubwa ya kwanza, mtu azunguke nyumba na mwavuli aone maji yanakwenda wapi, aandike daftarini. Juni, kupima doa, nyufa na ncha zote 19 kwa bisibisi. Oktoba, gata tena kabla ya vuli. Kila Ijumaa baada ya swala, vijana wawili kung'oa miche. Kila miaka mitano mpango mzima unasomwa upya. Kila mstari una namba ya sera na jina la cheo.

Kilwa_Masoko

Ijumaa nimeipenda. Ongeza ngazi ya nani, na imefungiwa wapi. Kazi nyingi za gata hufia kwenye ngazi.

FundiMkuu_Tanga

Ongeza na pesa. Gata bila fungu lake la kila mwaka ni gata ya mwaka mmoja.

BintiShangani

Yote mawili sahihi. Pesa ya gata na miche itoke kwenye kodi ya duka la wakfu, isitegemee mfadhili, maana mfadhili anapenda kulipia ujenzi, gata ya mwaka wa saba haimhusu. Nina pingamizi moja tu. Umeandika doa na boriti, hujasema lolote kuhusu bati lenyewe. Libaki au sakafu ya chokaa irudishwe?

Mlamu

Irudishwe. Nyumba yenye bati si nyumba ya pwani.

FundiMkuu_Tanga

Libaki. Sakafu ya chokaa inataka kupigwa na kuzibwa nyufa kila mwaka, nani ataifanya? Na uzito wake juu ya boriti zilizooza?

BintiShangani

Ninaegemea kwa fundi kwa sasa, kwa sababu ya zile ncha nne. Lakini Mlamu ana haki yake, sakafu ni sehemu ya thamani na ipo bado chini ya bati. Ningeandika: bati libaki kwa muda likiwa na gata, sakafu iliyo chini isitobolewe wala kuondolewa, na uamuzi ufanywe baada ya boriti kubadilishwa na vipimo vya mwaka mzima.

Katibu_wa_Wakfu

Kamati imegawanyika vilevile, wazee watatu kwa watatu. Nimeandika kama ulivyosema na nimeacha nafasi ya tarehe. Gata imefungwa jana. Mstari wa kwanza wa penseli umepigwa sentimita 171 kutoka sakafuni. Mvua za kwanza zikianguka nitarudi na cha pili.